Msongo na uchovu wa kazini: kwa wanafunzi wa uuguzi mnaoingia wodini

Wapendwa wanafunzi,

Mapigo kwenda mbio kabla ya kuchoma sindano ya kwanza ni msongo wa kawaida. Mara nyingi hupungua ukishazoea. Uchovu wa kazini ni jambo jingine. Shirika la Afya Duniani linautambua kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi, na kuona hufanyi kazi ipasavyo. Ile ya pili ndiyo inayonitisha zaidi, maana huja kimyakimya. Siku utakapojisikia ukisema "yule wa kitanda cha 7" bila kujali jina lake, simama ujiulize umelala saa ngapi wiki hii.

Baada ya zamu ya usiku, lala kwanza, kitabu kitasubiri. Kula kabla ya kukabidhi zamu.

Mgonjwa wako wa kwanza akifariki, usiishie kunawa mikono na kwenda kitanda kinachofuata. Mwambie msimamizi wako, "Nahitaji dakika kumi." Kulia si udhaifu.

Ukikosa usingizi wiki mbili mfululizo, au ukiwaza kujidhuru, usingoje miadi. Njoo kwangu siku hiyohiyo, au nenda idara ya dharura. Hayataandikwa kwenye tathmini yako.

Mkufunzi wenu wa mafunzo ya vitendo