Kumbusho: linki ya jaribio la Afisa Mikopo inafungwa Ijumaa usiku

Ndugu Mwombaji,

Habari za kazi. Umepata barua pepe hii kwa sababu uliomba nafasi ya Afisa Mikopo katika matawi yetu ya Mwanza na Geita, ukachaguliwa kuendelea na hatua ya pili, lakini hadi leo asubuhi jaribio lako la mtandaoni halijakamilika.

Linki itafungwa Ijumaa, tarehe 14 Novemba 2025, saa 5:59 usiku, yaani usiku wa kuamkia Jumamosi. Kwenye ukurasa wa jaribio utaona imeandikwa 20:59 UTC. Usishtuke, ni saa hiyo hiyo; mtambo hausomi saa za Afrika Mashariki.

Linki yako ni ile tuliyokutumia tarehe 5 Novemba. Kama huioni, itafute kwenye folda ya "Spam" kabla ya kutuandikia. Wengi wameikuta huko. Usimpe mtu mwingine, maana imefungwa kwa jina lako na inapokea majibu mara moja tu.

Jaribio ni la dakika 60: hesabu za riba na marejesho, kusoma taarifa ya mauzo ya mteja mwenye duka, na barua fupi ya kumjibu mteja aliyechelewesha rejesho. Ukishaanza, saa haisimami. Umeme au intaneti ikikatika, ingia tena kwa linki ile ile. Majibu uliyokwisha kuhifadhi utayakuta, ila dakika zitakuwa zimeendelea kuhesabiwa. Kwa hiyo hakikisha bando linatosha na uniti za LUKU zipo kabla hujabonyeza "Start". Tunashauri utumie kompyuta, hata ya kuazima au ya intaneti kafe. Kwa simu inawezekana, lakini jedwali la marejesho lina safu saba na utahangaika kulisoma.

Kuna walioshajibu maswali yote na bado mfumo unaonyesha hawajamaliza. Hao waliishia kwenye "Save". Kama nawe ni mmoja wao, ingia, nenda ukurasa wa mwisho, bonyeza "Submit", na usifunge dirisha mpaka uone ujumbe wa kuthibitisha kwamba majibu yamepokelewa.

Hatutaweza kuongeza muda. Majina ya watakaoitwa kwenye usaili wa ana kwa ana yanatoka Jumatatu tarehe 17, na usaili unaanza Jumatano. Mwenye msiba, ugonjwa au ulemavu unaohitaji mpangilio tofauti ajibu barua pepe hii kabla ya Alhamisi saa 10 jioni. Tutaangalia la kufanya. Na kama umebadili nia, tuandikie neno moja tu, tutakuelewa.

Jaribio hili halina malipo. Akikupigia mtu akidai "hela ya kufunguliwa linki", usimtumie. Tupe namba yake.

Wako,
Ofisi ya Ajira
Idara ya Rasilimali Watu, Mwanza