Maswali ya Juma la Sita: Risiti, Lebo na Bajeti ya Nyumbani

Karatasi hii ni ya darasa la jioni la kisomo, hatua ya pili: wanakisomo wanaosoma sentensi fupi peke yao na wanaojumlisha, kutoa na kuzidisha. Kipindi ni saa moja na nusu. Msipoimaliza leo, endeleeni nayo kipindi kijacho.

Ndugu mwanakisomo, soma kila swali mara mbili kabla ya kushika kalamu. Ukitaka kuhesabu kwa vidole, kwa mawe au kichwani kama unavyohesabu kila siku, fanya hivyo, kisha uandike ulivyopata jibu. Kikokotoo cha simu kinaruhusiwa kuanzia Sehemu ya Tatu. Fedha zimeandikwa kwa tarakimu tu, bila jina la sarafu. Zisome kama fedha unazotumia wewe.

SEHEMU YA KWANZA: RISITI

Fundi cherehani alinunua vifaa vya kazi akapewa risiti hii:

Uzi, reli 6 @ 500 … 3,000
Vifungo, pakiti 2 @ 1,200 … 2,400
Zipu 10 @ 350 … 3,500
JUMLA … 9,900
Fedha iliyotolewa … 10,000
Chenji … 100

1. Alama @ inasomwa "kila moja kwa". Soma mistari mitatu ya kwanza kwa sauti. Je, hesabu ya kila mstari ni sahihi?

2. Jumlisha mwenyewe mistari hiyo mitatu. Jumla yako inalingana na ya risiti? Kama hailingani, fundi anadai kiasi gani?

3. Fundi amegundua kosa akiwa bado mlangoni pa duka. Andika sentensi mbili atakazomwambia muuzaji. Zisiwe za ugomvi, na zitaje namba.

SEHEMU YA PILI: LEBO ZA DAWA

Lebo ya kwanza:

PARASETAMOLI MILIGRAMU 500. Vidonge 20.
Watu wazima: kidonge 1 hadi 2 kila baada ya saa 4 hadi 6, inapohitajika. Usizidishe vidonge 8 ndani ya saa 24. Usitumie pamoja na dawa nyingine yenye parasetamoli.
Imetengenezwa: 03/2024. Mwisho wa matumizi: 02/2027.

4. Zungushia duara neno au namba inayokuambia: (a) dawa inaisha muda lini, (b) unaruhusiwa kumeza vidonge vingapi kwa mara moja, (c) vingapi kwa siku nzima.

5. Tuseme leo ni Oktoba 2026. Baada ya mwezi huu kuisha, dawa hii itabaki na miezi mingapi ya kutumika?

6. Mtu mzima mwenye maumivu amemeza vidonge 2 saa 2 asubuhi, 2 saa 6 mchana, 2 saa 10 jioni na 2 saa 2 usiku. Saa 6 usiku maumivu yamerudi, na saa 4 zimeshapita. Je, ameze vingine? Onyesha mstari wa lebo unaotoa jibu. Kisha andika saa ambayo anaweza kuanza tena.

7. Mtu huyohuyo ana mafua. Kwenye pakiti ya dawa ya mafua pameandikwa kwa herufi ndogo: "Kila kidonge kina parasetamoli miligramu 500 na kafeini miligramu 30." Aliyemuuzia amemwambia kwamba hii ni ya mafua na ile nyingine ni ya maumivu. Wewe ungemwambia nini?

Lebo ya pili ni ya dawa ya maji ya mtoto, chupa ya mililita 100: "Mililita 5, mara 3 kwa siku, kwa siku 5."

8. Mtoto atakunywa mililita ngapi kwa siku? Kwa siku zote 5? Chupani zitabaki ngapi?

9. Kipimo kilichokuja na chupa kimepotea. Mzazi anatumia kijiko kikubwa cha mezani, chenye ujazo wa mililita 15. Mtoto anapewa mara ngapi ya dozi yake?

SEHEMU YA TATU: LEBO ZA DUKANI

10. Leo ni 12/09/2026. Kabatini kuna biskuti zilizoandikwa "Bora kabla ya 10/09/2026" na maziwa yaliyoandikwa "Mwisho wa matumizi 10/09/2026". Maneno hayo mawili hayana maana moja. Kipi hukitumii kabisa, na kipi unaweza kukifungua na kukikagua kwanza?

11. Chupa ya kinywaji ya mililita 500 ina picha kubwa ya matunda mbele. Nyuma pameandikwa: "Viambato: maji, sukari, juisi ya matunda (asilimia 10), ladha, rangi." Viambato huorodheshwa kuanzia kile chenye uzito mkubwa. (a) Sukari na juisi, kipi kingi zaidi? (b) Ndani ya chupa mna takribani mililita ngapi za juisi? (c) Picha ya mbele inakueleza nini, na maandishi ya nyuma yanakueleza nini?

12. Pakiti ya vitafunio ya gramu 250 imeandikwa: "Chumvi: gramu 1.5 kwa kila gramu 100." Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku. Ukiimaliza pakiti yote, umekula gramu ngapi za chumvi? Zimebaki ngapi kabla ya kufika gramu 5, na bado hujagusa chakula cha usiku?

13. Sabuni ya unga ya aina moja inauzwa hivi: gramu 200 kwa 1,100, gramu 500 kwa 2,600, kilo 1 kwa 4,900.
(a) Kwa kila pakiti, kilo nzima ingegharimu kiasi gani?
(b) Ipi ni nafuu kuliko zote?
(c) Mfukoni una 3,000, na mshahara unaingia baada ya siku nne. Unanunua ipi? Eleza.

SEHEMU YA NNE: BAJETI YA MWEZI

Nyumba ya watu wanne. Mshahara 420,000. Kazi ya pembeni 60,000.

Matumizi: kodi ya nyumba 130,000, chakula 165,000, nauli 52,000, ada na madaftari 40,000, umeme na maji 33,000, simu 15,000, kulipa deni 30,000.

14. Mapato ni kiasi gani? Matumizi ni kiasi gani? Kinabaki nini?

15. Nauli hiyo ni ya kwenda na kurudi kwa siku 26. Safari moja ni kiasi gani?

16. Nauli imepanda na safari moja sasa ni 1,200. Nauli ya mwezi ni kiasi gani? Akiba ya swali la 14 imebaki kiasi gani?

17. Mwezi huohuo kazi ya pembeni imeleta 30,000 tu. Nyumba imepungukiwa kiasi gani?

18. Kaeni wawili wawili. Tafuteni namna ya kuziba pengo hilo. Andikeni bajeti mpya, kisha sentensi mbili za kueleza mlipunguza nini na kwa nini. Ukipunguza kitu, taja nani nyumbani ataumia.

19. Mama wa nyumba hiyo anataka kukopa 100,000. Mkopeshaji wa kwanza anasema: "Rudisha 10,000 kila wiki kwa wiki 12." Tangazo la pili linasema: "Riba asilimia 5 tu kwa mwezi! Miezi 3. Gharama ya fomu 8,000, inakatwa kabla ya kupokea." Riba ya tangazo hili inahesabiwa kwa 100,000 ileile kila mwezi.
(a) Kwa kila mkopo, mama atashika mkononi kiasi gani, na atarudisha jumla ya kiasi gani?
(b) Upi ni ghali zaidi?
(c) Neno "tu" katika tangazo limewekwa kwa kazi gani? Lisome tangazo bila neno hilo.

20. Kwa kipindi kijacho, leta pakiti, chupa au risiti moja kutoka nyumbani. Tunga swali moja ambalo jibu lake lingekusaidia wewe, na uje na jibu lake.

MAJIBU NA MAELEZO KWA MWALIMU ATAKAYENISHIKIA DARASA

1–3. Mistari mitatu ni sahihi. Kosa liko kwenye jumla. Ni 8,900, chenji ingekuwa 1,100, fundi anadai 1,000. Nimeweka kosa kwenye jumla makusudi, kwa sababu wengi wetu hukagua bei tukaamini jumla. Swali la 3 lisomwe kwa sauti. Wapo wanaojua hesabu kabisa lakini wanaona aibu kurudi kaunta, na hapo ndipo fedha zao zinapopotelea.

5. Miezi minne: Novemba, Desemba, Januari, Februari. Inapotajwa mwezi bila siku, dawa hutumika hadi mwisho wa mwezi huo.

6. Asimeze. Ameshafikisha vidonge 8. Anaweza kuanza tena saa 2 asubuhi ya kesho yake. Hili ndilo swali ninalolijali kuliko yote katika karatasi hii. Atakayegawa 24 kwa 4 atapata mara 6, na mara 6 kwa vidonge 2 ni 12. Hesabu yake ni safi, na kipimo hicho kinaweza kuharibu ini. Usimpe kosa akakaa chini. Mrudishe kwenye lebo, asome sentensi ya pili, mpaka aone mwenyewe kwamba sentensi mbili za lebo husomwa pamoja.

7. Dawa zote mbili zina parasetamoli, hivyo zisitumike pamoja bila ushauri wa mfamasia au daktari. Asiyeweza kusoma jina refu afundishwe kulifananisha herufi kwa herufi kwenye pakiti mbili. Huo nao ni usomaji.

8–9. 15, 75, zinabaki 25. Mara tatu ya dozi. Waambie waombe kipimo kingine duka la dawa.

10. Maziwa hayatumiki. "Bora kabla ya" inahusu ubora, ladha na ulaini. "Mwisho wa matumizi" inahusu usalama.

11. Sukari, kwa kuwa imetajwa kabla ya juisi. Juisi ni takribani mililita 50. Waache wabishane juu ya (c).

12. Gramu 3.75, zinabaki 1.25. Kama desimali zinawasumbua, waanze na gramu 100, kisha 200, kisha nusu ya 100.

13. 5,500, 5,200, 4,900. Kilo 1 ndiyo nafuu. Kwenye (c), anayechagua gramu 500 amejibu vizuri: inamtosha na inamwachia 400. Anayechagua gramu 200 ili abaki na 1,900 ya nauli pia amejibu vizuri. Tafadhali usimwambie mtu mzima kwamba anakosea kununua pakiti ndogo. Anajua ni ghali, ila hana fedha ya kilo.

14–17. Mapato 480,000, matumizi 465,000, yanabaki 15,000. Safari moja 1,000. Nauli mpya 62,400, nyongeza ni 10,400, akiba inabaki 4,600. Pengo ni 25,400.

18. Hakuna jibu moja. Kagua mambo mawili tu: bajeti mpya isizidi 450,000, na sentensi zieleweke. Watakaoacha kulipa deni waulizwe mwezi ujao watadaiwa kiasi gani. Usiwaombe wataje mapato yao halisi mbele ya darasa. Ndiyo maana nyumba hii ni ya kubuni.

19. Wa kwanza: anashika 100,000, anarudisha 120,000, gharama 20,000. Wa pili: anashika 92,000, anarudisha 115,000, gharama 23,000. Wa pili ndio ghali. Wengi watalinganisha 115,000 na 120,000 na kuishia hapo. Waulize: "Mkononi umeshika ngapi?" Halafu nyamaza, wape muda.

20. Funika majina na namba za simu zilizo kwenye risiti kabla hazijapita mikononi mwa wengine. Swali la mwanakisomo likiwa na kasoro ya maneno, lirekebishe pamoja naye, na jina lake libaki chini ya swali hilo ubaoni.