Kuh: Malalamiko kuhusu wanafunzi kusimamishwa mbele ya wenzao kwa sababu ya ada

Alhamisi, 16 Mei 2024

Kwa Mwalimu Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama wa Neema, mwanafunzi wa darasa la sita. Nalalamikia jambo alilofanyiwa Jumatatu ya wiki hii, na naomba utaratibu huo ukomeshwe kwa wanafunzi wote, si kwa mwanangu peke yake.

Asubuhi hiyo mwalimu wa darasa aliingia na orodha kutoka kwa mhasibu, akasoma majina ya wanaodaiwa na kuwasimamisha mbele ya ubao. Kila mmoja alitajiwa kiasi cha deni lake, darasa zima likisikia. Neema alipoulizwa nitalipa lini, alisema hajui. Ni kweli hajui, mambo ya fedha sizungumzi naye. Akaambiwa, "Basi simama hapo mpaka ukumbuke." Wenzake wakacheka, na mwalimu hakuwanyamazisha. Walikaa wamesimama kipindi kizima cha hisabati, kisha madaftari yao yakagongwa muhuri mwekundu juu ya jalada: HAJALIPA.

Nyumbani hakusema kitu. Jioni aliniomba karatasi ya kaki ajaladie daftari la hisabati. Nilishangaa, maana lilikuwa limebakiza kurasa chache tu liishe. Nilipolichukua nikauona muhuri, ndipo akaanza kulia na kunieleza. Kesho yake alidai tumbo linamuuma na hakutaka kwenda shule. Huyu ni mtoto ambaye hata akiwa na homa huwa namzuia kwa nguvu.

Mwalimu Mkuu, deni sikatai. Najua mishahara ya walimu na mahitaji mengine ya shule vinategemea ada, na shule ina haki ya kunidai. Lakini mdaiwa ni mimi. Fomu ya kujiunga niliisaini mimi, na mwanzoni mwa muhula nilifika ofisini nikaeleza kwamba kazi yangu imeyumba. Tukakubaliana kwa maandishi na mhasibu: nusu nilipe papo hapo, nusu iliyobaki mwisho wa mwezi huu. Nusu ya kwanza nililipa na risiti ninayo. Nakala yake na ya makubaliano nimeambatanisha. Kwa hiyo Jumatatu muda tuliokubaliana ulikuwa haujafika. Hata kama ungekuwa umepita miezi miwili, bado nisingekubali mtoto asimamishwe. Hana kipato wala uamuzi wowote katika jambo hili, na kumwaibisha hakuniongezei hata senti ya kulipa. Kinachopotea ni kipindi chake cha hisabati, somo ambalo tayari linampa shida.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unataka, katika kifungu cha 28, nidhamu ya shule isimamiwe kwa namna inayolingana na utu wa mtoto. Kifungu cha 16 kinamlinda dhidi ya kuingiliwa faragha yake na kushambuliwa heshima yake isivyo halali. Hapa hata kosa la kinidhamu halikuwepo. Deni la mzazi ni jambo la mzazi na ofisi. Sasa watoto wa darasa la sita wanajua nadaiwa kiasi gani, na wanamwita mwanangu jina la ule muhuri wakati wa mapumziko.

Naomba muhuri huo usitumike tena na Neema apewe daftari jingine. Naomba majina na madeni yasisomwe darasani wala mstarini, na mzazi anayedaiwa apigiwe simu au aandikiwe barua iliyofungwa. Mwalimu wa darasa azungumze na wanafunzi wale wote, awaambie kwamba hawakukosa lolote, na aseme hivyo mbele ya darasa lilelile lililowacheka. Hili la mwisho ndilo kubwa kwangu. Mwalimu huyu amemfundisha Neema vizuri na mtoto anampenda, ndiyo maana limemuumiza hivi. Siombi aadhibiwe, hasa kama alitumwa na ofisi.

Naomba majibu kwa maandishi kabla ya Ijumaa ijayo. Niko tayari kuja kuonana nawe siku yoyote baada ya saa tisa alasiri. Yasipopatikana majibu nitalipeleka suala hili kwenye kamati ya shule, na baadaye kwa ofisi ya elimu. Nusu ya ada iliyobaki nitailipa mwisho wa mwezi kama tulivyoandikiana.

Wako katika malezi ya mtoto,

Mama Neema
Mzazi, darasa la sita

Viambatanisho: nakala ya risiti, nakala ya makubaliano na mhasibu, picha ya jalada la daftari