Barua ya Maelezo Binafsi: Maombi ya Shahada ya Ufugaji wa Viumbe Maji

Micheweni, Pemba
14 Julai 2025

Kamati ya Udahili,
Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Waheshimiwa,

KUH: MAOMBI YA KUSOMA SHAHADA YA KWANZA YA UVUVI NA UFUGAJI WA VIUMBE MAJI

Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu na kupata Daraja la Tatu: Baiolojia D, Jiografia D, Kemia E. Najua wapo waombaji wenye alama bora kuliko hizi, kwa hiyo naomba mzipime pamoja na kazi ninayoifanya baharini.

Mama yangu ni mkulima wa mwani, nami nimelima naye tangu nipo skuli ya msingi. Bamvua likitoa maji tunashuka kupiga mambo, yaani vigingi, kukaza kamba na kufunga mbegu kwa vikamba vya taitai. Baada ya wiki sita hivi tunavuna na kuanika. Sasa kikundi chetu cha akinamama kimenikabidhi mbegu na daftari la mauzo.

Tatizo letu kubwa ni mwani wa aina ya kotonii. Bei yake ni nzuri kuliko ya aina ya spinosamu, lakini jua likiwa kali na maji yakiwa haba, matawi yake huanza kuwa meupe, yakalainika na kukatika, na kamba nzima ikabaki tupu. Wengi kijijini wameiacha. Mimi nilianza kuandika joto la maji kila tunaposhuka, kwa kipimajoto cha kawaida, pamoja na kamba zilizougua na zilizosalimika. Zilizo karibu na mkondo ziliugua kidogo. Tukazihamishia baadhi ya kamba kwenye maji ya kina, tukaziinua kwa maboya ya chupa za plastiki, na mbegu ikadumu hata msimu wa joto. Ila kule hakufikiki kwa miguu, na akinamama wengi hawajui kuogelea. Kwa hiyo dawa niliyoipata bado haiwafikii wale hasa wanaoihitaji, na jambo hili linaniumiza sana.

Hapo ndipo elimu yangu inapokoma. Sijui kama ugonjwa unaanzia kwenye joto lenyewe, kwenye chumvi inayopungua masika, au kwenye bakteria wanaoingia mmea ukishadhoofika. Mbegu zetu asili yake ni Ufilipino, na tumekuwa tukizikata na kuzipanda upya miaka yote; nataka kujua kama na kwenye mbegu zenyewe kuna udhaifu, na namna ya kuchagua mbegu inayostahimili joto. Majibu haya yanataka maabara, na yanataka Kemia. Nimeanza kuirudia Kemia kwa mwalimu wangu wa zamani, jioni, nami sitaiacha.

Nikihitimu nakusudia kurudi Pemba kufanya kazi na wakulima wa mwani.

Nimeambatisha cheti, nakala za kurasa za daftari langu na barua ya kikundi. Niko tayari kuja kwa usaili siku yoyote mtakayoniita.

Wenu mtiifu,
Maryam Khamis Faki