Pole ya msiba, kaka Juma

Kaka Juma pole sana, tumepata taarifa za mama asubuhi hii hapa ofisini Dar na kwa kweli tumeishiwa nguvu, najua kuwa mbali huko Hamburg wakati mazishi yanafanyika Tanga ndo kunazidi kuuma. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Wenzetu wawili wameshapanda basi, watasimama makaburini kwa niaba yako, na rambirambi tunachanga, shangazi atakabidhiwa mkononi. Salamu hizi za pole kwa Kiingereza nimemtumia shemeji, pale kwenye "poleni" sikuweka sori maana angedhani tunaomba radhi, nimeandika kwamba uchungu huu tunaubeba pamoja nanyi. Usihangaike kujibu kaka, ntakupigia usiku.