Yah: Marekebisho ya gharama za jamvi, nyumba ya Bagamoyo (jumla niliyokutumia Jumanne haikuwa sahihi)

Mama Zuhura, shikamoo.

Jumla ya Sh 4,586,000 niliyokutumia Jumanne kwa ajili ya kumwaga jamvi ina kosa, na kosa ni langu. Jumla sahihi ni Sh 5,526,000. Nimekupigia mara mbili jioni hii sikukupata, nikaona niandike ili uwe na hesabu yote mkononi kabla hatujaongea.

Utakumbuka uliniomba niongeze BRC kwa sababu ya ule udongo mweusi wa upande wa nyuma, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Niliiongeza kweli: vipande 12 kwa Sh 95,000, sawa na Sh 1,140,000, kwenye mstari wa mwisho wa jedwali. Ila fomula ya jumla ilibaki ilivyokuwa:

```
=SUM(E4:E11)
```

BRC iko mstari wa 12. Ukifungua faili la Jumanne utaiona bei yake imeandikwa, lakini haimo kwenye jumla. Sikupaswa kukutumia bila kujumlisha upya kwa mkono. Na niseme ukweli, nimeligundua leo mchana tu, muuza nondo aliponipa profoma na nikaona hela iliyopo haifiki.

Baada ya hapo nilikwenda saiti na fundi mkuu tukapitia mstari mmoja mmoja. Kifusi niliandika lori 3, lakini kilichobaki kwenye msingi kinatosha lori zima, kwa hiyo tunahitaji 2 tu. Hapo imepungua Sh 200,000. Hesabu ilivyo sasa:

Saruji, mifuko 78 kwa 17,000: 1,326,000
Mchanga, lori 1: 180,000
Kokoto, lori 2: 900,000
Kifusi, lori 2: 400,000
Karatasi ya nailoni: 160,000
Maji, maboza 2: 120,000
Kukodi mashine ya zege: 200,000
BRC, vipande 12: 1,140,000
Ufundi: 1,100,000
Jumla: 5,526,000

Saruji sijaigusa. Jamvi ni mita 12 kwa 10, unene sentimita 10, yaani mita 12 za ujazo, na kila mita moja inakula mifuko 6 na nusu.

Pungufu ni Sh 940,000. Najua fedha hii umeidunduliza huko Muscat, na uliniambia wazi kwamba ukishatuma hii hutaki kusikia ombi jingine mpaka mwisho wa mwezi. Ndiyo maana sikutaka kukuletea kosa bila njia ya kutokea. Vifaa vyote, BRC ikiwemo, pamoja na mashine vinagharimu Sh 4,426,000, na ulichotuma kinavilipia na kubakiza Sh 160,000. Nimeongea na fundi mkuu. Amekubali kuanza kwa hiyo 160,000 kama kianzio, na 940,000 iliyobaki apokee mwisho wa mwezi. Ada yangu ya usimamizi wa hatua hii, ambayo huwa unanilipa kando, sitaidai mpaka zege limwagiliwe siku 7 kamili na wewe uone picha.

Njia ya pili ni kuahirisha kumwaga mpaka ukamilishe fedha. Hakuna kitakachoharibika: mpaka sasa nimenunua saruji peke yake, imepangwa juu ya mbao stoo, mbali na ukuta. Ila mwezi wote huo haifai kukaa, nitamrudishia muuzaji, tumeshakubaliana hivyo. Ninachokuomba tusifanye ni kumwaga bila BRC ili kubaki kwenye bajeti ya Jumanne. Kwa udongo ule jamvi litapasuka, na kulibomoa ni gharama mara mbili.

Nimeambatisha faili jipya, Jamvi_Toleo2.xlsx, profoma za saruji na nondo, na picha tatu za kifusi kilichobaki. Lile la kwanza tafadhali lifute, na kama ulishampa Baba Zuhura au mtu mwingine, mtumie hili. Kuanzia hatua ya lenta, kila jumla itajumlishwa na fundi mkuu kwenye karatasi bila kuona yangu, na picha ya karatasi hiyo utaipata pamoja na faili kabla hujatuma hata shilingi.

Samahani sana, Mama. Umenikabidhi nyumba ambayo hujaikanyaga tangu msingi uchimbwe, huna jicho jingine saiti zaidi ya namba ninazokuandikia, na safari hii namba zenyewe zimekuangusha.

Kesho nitakupigia saa 2 usiku, ukiwa umetoka kazini. Tukianza Jumamosi, BRC inabidi ilipwe Alhamisi, kwa hiyo naomba uniambie kesho hiyo hiyo kama tuanze au tusubiri. Kama kuna mstari wowote hapo juu una shaka nao, niulize huo kwanza.

Baraka
Msimamizi wa ujenzi, Bagamoyo