Hotuba ya kuwaaga wafanyakazi wa kiwanda cha samaki, Kisumu

Wenzangu, hamjambo? Nyie wa mapokezi mliojibanza kule nyuma, sogeeni. Leo hakuna lori linalosubiri.

Nimepewa dakika 5, na mnanijua, nitazipita.

Wageni wakija hapa huonyeshwa friza, mizani na vyeti vilivyotundikwa ukutani, wakapiga picha wakaenda zao. Kilichokifanya kiwanda hiki kisimame hadi leo hawakioni. Meneja mpya yuko hapa, basi nakisema akisikia.

Mwaka 1999 Ulaya ilifunga soko kwa samaki wa ziwa letu, kisa kuna wavuvi waliovua kwa sumu. Meza zilikauka. Wengi walirudi makwao, mkabaki wachache, na mshahara wenyewe ulikuwa wa kubahatisha. Bado mlifika asubuhi, mkasugua meza zisizo na samaki na kunoa visu. Nikauliza, mnamnolea nani? Fundi wa mitambo, yule anayejificha nyuma ya nguzo, akanijibu: "Soko likifunguka, bosi, halitatungoja tutafute visu." Likafunguka, na visu vilikuwa tayari.

Halafu kuna mama yetu wa mapokezi na rula yake. Dereva alileta mbuta wadogo, hawafiki sentimita 50, akadai mimi nimeruhusu. Mama hakunipigia hata simu. Alimwambia, "Basi mpelekee yeye nyumbani kwake." Lori likageuzwa. Habari hiyo niliipata jioni kantini, na nilicheka peke yangu hadi nyumbani.

Bwana meneja, mbuta wamepungua, na siku lori likija nusu utashawishika kupokea chochote. Siku hiyo muulize mama. Kwenye meza ya minofu pia, ukiona mtu amemweka samaki kando kabla kipimajoto hakijaingizwa, usimkaripie. Amebonyeza nyama na kuangalia matamvua, anajua. Na tafadhali, akina mama wa Obunga wanaonunua mgongo wazi usiwafungie geti. Kuna watoto wa wafanyakazi hapa waliosomeshwa kwa mifupa ile, ninyi wenyewe mnajuana.

Kwa mnaonifuata mwakani: linganisheni jina la kwenye kitambulisho na lile la kwenye makaratasi ya pensheni. Fanyeni wiki hii, msingoje. Herufi moja ikitofautiana utazungushwa ofisi hii na ile hadi viatu viishe. Karani wetu amekubali kuwasaidia saa ya chakula, na nimemwahidi soda kwa niaba yenu.

Nawashukuru sana. Zamu ya usiku nawashukuru mara mbili, maana ninyi mlinivumilia nikipiga simu saa nane kuuliza kama jenereta imewaka.

Nitakuwa Ahero, kwenye mpunga wangu. Ukipita barabara ile, simama tunywe chai. Ila usiniletee samaki.